Bei ya Tumaini: Farasi Asiyetazamiwa na Thamani ya Dau

Mtu anunuapo tumaini kwa bei iliyozidi thamani yake, amedhulumiwa na muuzaji au amejidhulumu mwenyewe? Swali hili ni la zamani, na kwa kawaida hujibiwa kwa mawaidha. Lakini iko sehemu moja ambapo tumaini hupewa bei kwa tarakimu mbele ya macho ya watu wote, kisha baada ya dakika chache ukweli hudhihirika, nayo hesabu ikabaki imeandikwa. Sehemu hiyo ni kiwanja cha mbio za farasi. Mtafuta hikima hana budi kuitazama hesabu hiyo, hata kama yeye mwenyewe hajapata kuweka dau hata senti moja.

Sisi tukaao Mchikichini, jirani na Kariakoo ya Dar es Salaam, hatuna kiwanja cha farasi. Mbio za kweli zilizo karibu nasi ni za Ngong, Nairobi, chini ya Jockey Club ya Kenya, zilizohamia huko mwaka 1954. Kabla ya hapo mbio za Nairobi zilikuwa upande wa Kariokor, mtaa ambao jina lake na la Kariakoo yetu yametoka kwenye chimbuko moja, yaani kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Huku kwetu farasi wapo katika vioo vya vibanda vya kubashiri tu: picha zinazokimbizwa na kompyuta, mbio moja ikiisha nyingine ikianza. Wengi zaidi huweka dau kwenye mpira, kwa kile kiitwacho mkeka. Nitaurudia mkeka baadaye, kwani hauwezi kueleweka vyema kabla ya kumwelewa farasi.

Tuanze na namna bei inavyozaliwa. Katika miaka ya 1860, huko Paris, Joseph Oller alibuni utaratibu ambao hauna mtu anayetangaza bei. Fedha za wachezaji wote hutiwa kapu moja, mwenye kiwanja hutoa ushuru wake, na kilichobaki hugawiwa waliomchagua farasi aliyeshinda, kila mmoja kwa kadiri ya dau lake. Kwa hiyo bei ya kila farasi, ambayo vijana wetu huiita odi, si chochote ila maoni ya umati yaliyopimwa kwa shilingi. Farasi aliyewekewa fedha nyingi hulipa kidogo. Aliyewekewa kidogo hulipa sana.

Natuchukue mfano. Kapu lina shilingi 100,000. Mwenye kiwanja anatoa 20,000, zinabaki 80,000. Farasi anayepigiwa upatu tumwite Tausi. Juu yake zimewekwa shilingi 40,000. Akishinda, kila shilingi moja italipwa shilingi 2. Yupo mwingine ambaye hakuna anayemtazamia, tumwite Kipanga. Juu yake zimewekwa shilingi 2,000 tu. Akishinda, kila shilingi itazaa 40. Umati umesema, kwa lugha ya fedha, kwamba Tausi ana nafasi 40 katika mia na Kipanga ana nafasi 2 katika mia.

Je, umati umesema kweli? Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Tangu mwaka 1949, Mmarekani Griffith alipokusanya matokeo ya mbio nyingi na kuyalinganisha na bei zake, watafiti wameona kosa lile lile likijirudia. Farasi wanaopigiwa upatu hushinda mara nyingi zaidi kuliko bei zao zinavyodai, na wasiotazamiwa hushinda mara chache zaidi. Tuseme basi kwamba nafasi ya kweli ya Tausi ni 46 katika mia, na ya Kipanga ni 1. Anayeweka shilingi moja kwa Tausi, siku baada ya siku, hurudishiwa wastani wa senti 92, kwa sababu 46 katika mia mara 2 ni 0.92. Anayeweka kwa Kipanga hurudishiwa senti 40 tu.

Mfano huu nimeutunga mimi, lakini haukwenda mbali na hali halisi. Snowberg na Wolfers, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2010, waliangalia mbio za Marekani za mwaka 1992 hadi 2001, ambamo farasi waliingia mashindanoni zaidi ya mara milioni 6. Aliyechagua farasi bila kufikiri kabisa alipoteza takriban shilingi 23 katika kila mia. Aliyemchagua kila mara yule anayepigiwa upatu kuliko wote alipoteza kama 5 na nusu. Na aliyewapenda wale wa bei ya mia kwa moja au zaidi alipoteza kama 61. Mlango ni mmoja na ushuru ni mmoja, lakini maskini wa matumaini makubwa ametozwa mara kumi na zaidi ya jirani yake aliyeridhika na ushindi mdogo.

Kwa nini? Majibu matatu yametolewa, na kila moja linamchora mwanadamu kwa sura yake.

Jibu la kwanza lasema mwanadamu hupenda hatari yenyewe. Anajua kwamba Kipanga ni ghali, lakini yuko radhi kulipa, kama vile mtu alipavyo kiingilio cha ngoma bila kutarajia kurudishiwa. Shilingi moja humpa haki ya kuota arubaini kwa muda wa dakika chache, na ndoto hiyo ina raha yake. Kwa jibu hili hakuna aliyedhulumiwa. Huyu amenunua starehe, na starehe haina bei ya haki.

Jibu la pili lasema mwanadamu haoni sawasawa. Jicho lake hukuza vitu vidogo. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba watu huipa nafasi ndogo mno uzito mkubwa kuliko wake, na nafasi kubwa huipunguzia. Kati ya moja katika mia na mbili katika mia, moyo hauoni tofauti. Zote mbili ni "huenda ikawa". Lakini mfuko huiona. Umati ukimkosea Tausi kwa nafasi 6 katika mia, thamani yake inasogea kwa kiasi kama sehemu moja ya nane. Ukimkosea Kipanga kwa nafasi moja tu, umeshamwuza maradufu ya thamani yake. Kosa dogo la jicho, likimwangukia mnyonge, huwa kosa kubwa la bei.

Jibu la tatu halimhusu mchezaji bali mpokea madau, yule anayetangaza bei yake mwenyewe na kuahidi kuilipa. Mtaalamu Hyun Song Shin, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alieleza hofu ya mtu huyu. Katika umati wa wabahatishaji huenda amejificha mmoja anayejua siri ya zizini: kwamba farasi fulani anayedharauliwa amepona mguu, au kwamba alizuiwa makusudi mbio zilizopita. Mtu huyo akija na dau kwa farasi wa mia kwa moja, mpokea madau ameangamia. Basi hujikinga kwa kupunguza malipo ya wote wasiotazamiwa, ilhali hajui ni yupi mwenye siri. Wasiojua wanalipa bima ya kumkinga muuzaji dhidi ya wanaojua.

Jibu hili la tatu ni la kweli mahali penye mpokea madau, lakini halitoshi peke yake, kwani upotofu huu umeonekana hata katika kapu la Oller, ambamo hakuna muuzaji wa kuogopa. Hapo twabaki na mawili ya kwanza: mapenzi ya hatari au kasoro ya jicho. Kwa muda mrefu ilionekana kwamba hayawezi kutenganishwa, kwa kuwa yote mawili humfanya Kipanga awe ghali. Snowberg na Wolfers walipata njia. Waliangalia madau ya kutaja wa kwanza na wa pili kwa mpangilio wao. Dau la namna hii lina hatua mbili za kukadiria. Ikiwa jicho ndilo linalokuza, litakuza katika kila hatua, na bei itapotoka kwa namna moja. Ikiwa mtu anaona sawasawa ila anapenda tu zawadi kubwa, bei itapotoka kwa namna nyingine. Bei zilizokuwapo ziliafikiana zaidi na jicho linalokosea. Kwa kauli hiyo, sehemu kubwa ya wanunuzi wa Kipanga hawakununua starehe kwa bei waliyoijua. Walidhani wamenunua kitu kingine.

Lakini tusiligeuze jambo hili kuwa sheria ya maumbile. Mwaka 1988 Busche na Hall walichunguza mbio za Hong Kong, ambako fedha nyingi mno huwekwa katika kila mbio, nao hawakuukuta upotofu huu. Kwa hiyo jicho laweza kufundishwa, au angalau macho ya wachache wanaohesabu yaweza kusahihisha ya wengi, iwapo fedha zao zinatosha kuisogeza bei.

Sasa tuje kwa hao wachache, wanaojiita watafuta thamani. Katika lugha yao, thamani si uwezekano wa kushinda. Tausi aweza kuwa farasi bora kupita wote na bado akawa dau baya. Thamani ni nafasi ya kweli ikizidishwa kwa malipo: ikizidi moja, dau lina thamani, ikipungua, halina. Katika mfano wetu Tausi hufika 0.92 na Kipanga 0.40. Wote wawili hawana thamani. Tausi ni hasara ndogo, Kipanga ni hasara kubwa, na ili Tausi awe faida ingempasa ashinde zaidi ya mara 50 katika mia. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wamesikia kwamba wanaopigiwa upatu huuzwa rahisi, wakadhani kwamba kuwachagua hao ni njia ya kupata. Upotofu umewapunguzia ushuru tu, haukuuondoa.

Mtego wa pili ni mwembamba zaidi, nao humnasa hata ajuaye hesabu. Mtafuta thamani hutaka kuusoma moyo wa soko kwa kuuondoa ushuru katika bei. Njia nyepesi ni kuugawanya kwa usawa juu ya farasi wote. Lakini tumekwisha kuona kwamba farasi hawalipishwi kwa usawa; mzigo mzito umewekwa juu ya wasiotazamiwa. Anayeugawa kwa usawa atamwona Kipanga kuwa na nafasi 2 katika mia, ilhali anayo 1. Kisha akikuta mahali pengine Kipanga analipa 60, atashangilia kwamba amepata thamani, kwani 2 katika mia mara 60 ni 1.20. Kumbe thamani ya kweli ni 0.60. Ndiyo maana mwenye kuijua kazi hii hukadiria nafasi za farasi kabla ya kuitazama bei, na akikuta kila mara "thamani" zake zinawaangukia wanyonge, hutilia shaka kipimo chake kabla ya kutilia shaka soko.

Mtego wa tatu ni wa ushahidi. Tuwachukue watu wengi, kila mmoja aweke shilingi moja kwa Kipanga mara 39. Kwa nafasi ya moja katika mia kila mara, takriban theluthi moja yao watakuwa wameshinda walau mara moja, na kila aliyeshinda amepokea walau 40 kwa 39 alizotoa. Yaani kwa dau ambalo hula senti 60 katika kila shilingi, bado mtu mmoja katika kila watatu ataondoka na faida na hadithi ya kusimulia. Theluthi mbili waliobaki hawana hadithi. Masikio ya mtaa yanajaa sauti za theluthi moja, na ukimya wa wengine haumfundishi mtu. Anayechagua Tausi hujua upesi kama amekosea, kwa sababu Tausi hushinda na kushindwa mara nyingi. Anayechagua Kipanga anahitaji mamia, pengine maelfu ya madau, kabla hesabu haijasema kwa sauti ya kuaminika. Kosa kubwa kuliko yote ndilo linalochelewa kuliko yote kudhihirika.

Nao mkeka ni Kipanga aliyetengenezwa kwa mikono. Kijana huchagua mechi kumi, na katika kila moja huchagua timu inayopigiwa upatu. Kila chaguo, likitazamwa peke yake, ni la busara. Lakini malipo yanapozidishwa, ushuru nao unazidishwa. Tuseme kila mechi hurudisha wastani wa senti 93 kwa shilingi. Mechi kumi zilizofungwa pamoja hurudisha 0.93 iliyozidishwa kwa nafsi yake mara kumi, yaani kama senti 48. Kwa kuwakusanya Tausi kumi, amezaa Kipanga mmoja. Mechi tisa zikija na moja isije, mkeka umechanika, naye husema "nilikosa moja tu", kana kwamba alikuwa karibu. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Hawakujua kwamba siku moja msala wenyewe utaitwa mkeka.

Na wale farasi wa kompyuta? Huko utafutaji wa thamani hauna hata mahali pa kusimama. Farasi wa Ngong ana miguu, ana mpanda farasi, ana udongo ulioloa mvua. Mtu mwenye jicho na subira aweza kujua jambo ambalo bei haijalijua. Picha ya kompyuta haina siri ya zizini. Nafasi zake zimewekwa na wale wale waliopanga bei yake. Anayekesha akiandika namba za washindi ili agundue utaratibu wao anatafuta nyayo za mnyama ambaye hakupita.

Wasomaji wengi wa pwani watasema kwamba kamari ni haramu, na kwa hiyo mjadala umekwisha kabla ya kuanza. Sibishani nao. Lakini bei ya tumaini haipo katika kamari peke yake. Hapa Mchikichini kuna soko la mitumba, ambako mchuuzi hununua robota lililofungwa bila kujua kilichomo. Huyu naye anabahatisha. Tofauti ni kwamba atafungua marobota mengi, wiki baada ya wiki, na kila moja litamwambia kitu. Jicho lake litafundishwa kwa haraka, na bei ya robota itashuka kwake ikiwa halina thamani, kwa sababu atakataa kulinunua. Mwenye mkeka hana shule hiyo. Amenunua robota ambalo hufunguka mara moja katika mia.

Kwa hiyo swali letu la mwanzo lina jibu gumu kidogo kuliko mawaidha. Mwenye kujua kwamba senti 60 za shilingi yake zinakwenda, naye akatoa kwa ajili ya raha ya dakika chache, hajadhulumiwa na mtu. Lakini hesabu za mbio zatuonyesha kwamba walio wengi hawajui, na si kwa ujinga wao hasa, bali kwa sababu kitu walichouziwa kina tabia ya kuficha bei yake. Muuzaji naye hakusema uongo. Odi imeandikwa wazi. Kilichofichika ni nafasi ya kweli, na hiyo haimo katika karatasi.

Na mtafuta thamani, yule mwenye hesabu safi, naye ana la kujibu. Katika kapu la Oller hakuna fedha inayozaliwa. Siku ambayo bei imepotoka kiasi cha kupita ushuru, naye akaiona, faida yake haikutoka kwa mwenye kiwanja, aliyekwisha kuchukua 20,000 zake. Imetoka kwa wale waliomuwekea Kipanga. Ufundi wake ni wa kweli, na hakumlazimisha mtu. Lakini anakula matunda ya jicho la mwenzake linalokosea, na hana haja ya kumwambia. Akimwambia, na wote wakasikia, bei zitanyooka kama za Hong Kong, naye hatakuwa na kitu cha kutafuta. Elimu yake ina faida kwa kadiri asivyoisema. Mimi naiandika hapa ili isemwe.